Visoda 2,000 Langoni: Fedha ya Kubuni na Jamii Inayoitumia

Kwenye lango la mtaa wa Strip, ndani ya gemu ya kompyuta iitwayo Fallout: New Vegas, roboti yenye gurudumu moja inakusimamisha na kukuambia kwamba haingii mtu asiye na visoda 2,000. Ndiyo, visoda hivi hivi, vifuniko vya bati vinavyobanduliwa kwenye chupa ya soda, ambavyo kwetu wazee huchezea drafti vikikosekana kete. Roboti haikutozi hata kimoja. Inataka kuona tu kwamba unavyo. Ukiwa navyo unapita na kukuta taa za kasino, muziki na watu waliovaa suti. Ukiwa huna, unabaki upande wa pili wa ukuta, mtaa wa Freeside, pamoja na walevi, wakimbizi na watoto wanaokimbiza panya. Wapo wanaojaribu kupenya mbio bila kukaguliwa, nao wanapigwa risasi palepale.

Wachezaji wengi huliona jambo hili kama kikwazo cha kawaida cha gemu: nenda ukachume, kisha urudi. Lakini anayelitazama kwa makini ameshaelezwa jambo kubwa kuhusu mji ule. Kiingilio cha kawaida kinamwingizia mwenye mlango mapato. Sharti hili halimwingizii chochote, kwa hiyo kazi yake ni nyingine kabisa: kuwachuja watu. Mtawala wa mji, anayejulikana kama Bwana House, hana haja na vijisenti vya langoni. Anachotaka ni kwamba kila anayekanyaga ndani awe na kitu cha kupoteza mezani. Kwake maskini hafai hata kunyonywa, maana hana cha kunyonya.

Hivi ndivyo fedha ya kubuni inavyozungumza. Mwandishi anaweza kujaza kurasa akieleza kwamba nchi yake ya kufikirika ina matabaka, ina dhuluma, ina serikali inayoyumba. Msomaji atayasahau. Bei moja ikiwekwa mahali pake, hasa ikisomwa sambamba na bei nyingine, inayasema yote hayo bila hotuba. Nimeichagua gemu hii kwa sababu, kati ya dunia za kubuni ninazozifahamu, ni chache zilizofikiriwa kwa kina namna hii upande wa fedha, na kwa sababu pale ilipokosea, makosa yenyewe yanafundisha.

Kwanza historia kidogo. Dunia ya Fallout ni Marekani iliyoteketezwa kwa mabomu ya nyuklia mwaka 2077. Gemu ya kwanza ilitoka mwaka 1997, na hadithi yake inatokea Kalifornia miaka 84 baada ya vita. Serikali imekufa na benki zimekufa. Katika mji wa biashara uitwao Hub, wafanyabiashara wenye misafara wamekubaliana kutumia visoda kama fedha. Kwa nini visoda? Vipo vingi kiasi cha kutosha kuzunguka mikononi mwa watu, ni vyepesi, havichakai upesi, na hakuna kiwanda kinachofanya kazi ambacho kinaweza kutengeneza vingine. Sifa hizo peke yake hazitoshi, maana hata kokoto ni nyingi na hazichakai. Kilichovipa nguvu ni ahadi: wafanyabiashara wa Hub walividhamini kwa maji. Aliyekuwa na visoda alijua kwamba Hub atapewa maji safi kwa visoda vyake, na katika nchi ambayo mito na mvua vimetiwa sumu ya mionzi, hakuna dhamana yenye uzito kuliko hiyo.

Swali la kwanza la kuiuliza fedha yoyote ya kubuni ni hili: nyuma yake kuna nini, na nani anakishika? Jibu linakuonyesha mtawala wa kweli, awe ana kiti cha enzi au hana. Kalifornia ya gemu ya kwanza ina mameya na machifu wa vijiji, lakini ukifuata fedha unafika kwa wenye misafara waliokalia visima.

Gemu ya pili ilitoka mwaka 1998, na hadithi yake imesogea mbele miaka 80. Sasa ipo Jamhuri Mpya ya Kalifornia, yenye bunge, jeshi, mahakama na kodi. Jamhuri hiyo imetoa dola yake iliyodhaminiwa kwa dhahabu. Visoda vimekufa kabisa. Katika gemu hiyo unaweza kuhangaika kutafuta hazina iliyofichwa kisimani katika mji wa Broken Hills, ukaikuta ni mfuko wa visoda ambavyo hakuna duka linalovipokea. Waandishi walifanya hilo kama mzaha kwa waliocheza gemu ya kwanza, lakini limebeba ukweli: dola inapoinuka, fedha ya wafanyabiashara inageuka takataka. Kurudi kwa dola ya dhahabu ni tangazo kwamba serikali imerudi.

Baadaye haki za Fallout zikahamia kampuni nyingine, na gemu ya tatu, ya mwaka 2008, ikaturudishia visoda, safari hii mjini Washington, upande wa pili wa bara, mbali kabisa na Hub na maji yake. Hakuna aliyetueleza kwa nini watu wa huko, wasiojua habari za Hub, nao waliangukia visoda vilevile. Hapo fedha imekuwa pambo tu. Ipo kwa sababu mashabiki wanaipenda, na haisemi lolote kuhusu watu wanaoitumia.

New Vegas ilipotoka mwaka 2010, kampuni ya Obsidian ilirithi tatizo. Hadithi yake inatokea mwaka 2281, katika jangwa la Mojave, pembezoni mwa Jamhuri ileile iliyokwisha kuvizika visoda. Mchezaji anayetoka gemu ya tatu anavitarajia, na anayeikumbuka ya pili anajua vilikufa. Wangeweza kukaa kimya. Badala yake, Josh Sawyer na wenzake waliligeuza tatizo kuwa historia. Jamhuri iliingia vitani na kundi la wapiganaji wanaohodhi silaha za kale, Udugu wa Chuma. Udugu ukashambulia hazina za dhahabu. Habari ziliposambaa, wananchi walikimbilia kudai dhahabu yao kama noti zilivyoahidi, na mahali kadhaa wakaambiwa haipo. Tangu hapo imani ikavunjika. Jamhuri ikaendelea kuchapa noti zisizo na dhahabu nyuma yake. Wafanyabiashara wa Hub, walioshughulika na pande zote za mpaka, wakaona noti hizo zinawatia hasara na wakafufua visoda vya maji.

Matokeo yake, katika Mojave zinazunguka fedha tatu kwa pamoja, na kila moja ni picha ya waliyoitoa.

Ya kwanza ni dola ya Jamhuri, ya karatasi. Noti ya dola 100 inahesabiwa visoda 40. Namba hii inapita haraka kwenye kioo cha kompyuta, na wengi hawaisimamii. Iweke sambamba na bei ya chupa moja ya maji safi, ambayo thamani yake ya msingi katika gemu ni visoda 20. Noti kubwa kabisa ya taifa kubwa kuliko yote katika ukanda ule inanunua chupa mbili za maji. Sasa mfikirie askari kijana wa Jamhuri aliyepelekwa kulinda bwawa la Hoover, kilomita mamia kutoka kwao. Kama mshahara wake ni wa noti hizo, basi kila anapovuka kwenda kunywa Strip anaona nchi yake inathaminiwa vipi na watu anaodaiwa kuwalinda. Gemu imejaa askari waliokata tamaa, wanaolalamika kwamba Jamhuri imejitanua kupita uwezo wake. Hata kama usingezungumza na mmoja wao, noti ile ingekuambia.

Ya pili ni sarafu za Legioni ya Kaisari. Huyu Kaisari ni msomi wa zamani aliyepata vitabu vya historia ya Roma, akayashinda makabila kadhaa na kuyachanganya kuwa jeshi moja la watumwa na wapiganaji. Sarafu yake ya fedha inaitwa dinari, sawa na visoda 4, na ya dhahabu inaitwa aureus, sawa na visoda 100. Zimegongwa kwa sura yake. Watu wanaomchukia kabisa wanazipokea, na sababu ni moja: ni madini halisi. Ukimshinda Kaisari kesho, ukaiyeyusha sarafu yake, dhahabu inabaki dhahabu.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ana njia fupi ya kulielewa hili. Katika karne ya 19, Zanzibar na Lamu zilifanya biashara kwa reale ya Maria Theresa, sarafu ya fedha iliyogongwa Ulaya ikiwa na sura ya malkia wa Austria na mwaka 1780, hata zile zilizogongwa miongo mingi baada ya kifo chake. Mfanyabiashara wa karafuu hakuwa na haja ya kumjua malkia wala kumtii. Aliipima fedha, akaikubali. Sarafu ya Kaisari inatembea kwa mantiki hiyo hiyo, na inatuambia jambo ambalo waandishi wa gemu wanalirudia kwa njia nyingine: wachuuzi wa misafara wanakiri kwamba katika ardhi ya Legioni barabara ni salama, hakuna majambazi, na mali inafika. Fedha ngumu na barabara tulivu ni zawadi halisi. Gemu inakulazimisha uikubali kwanza, kabla haijakuonyesha imelipiwa na nani. Nitafika huko.

Ya tatu ni visoda vyenyewe. Hivi havina sura ya mtu na havina nchi. Ndiyo maana vinavuka mpaka kati ya maadui wawili wasioweza hata kusalimiana, na ndiyo maana wafanyabiashara wanavipenda. Ila fedha isiyo na serikali bado inahitaji mlinzi, na hapa kuna tukio dogo ambalo kwangu ndilo bora kuliko yote upande wa uchumi wa gemu hii. Kampuni kubwa ya misafara, Crimson Caravan, ina ofisi nje kidogo ya New Vegas. Mkuu wake, Alice McLafferty, akishakuamini, anakutuma kwenye kiwanda cha zamani cha soda aina ya Sunset Sarsaparilla. Ndani kuna mashine ya kugonga visoda, na mashine bado inaweza kufanya kazi. Anataka uizime isitumike tena.

Mchezaji wa kawaida huenda, huiharibu, hurudi kulipwa. Lakini jiulize ni nani katika nchi zetu mwenye kazi ya kuzuia fedha bandia na kusimamia kiasi cha fedha kinachozunguka. Ni benki kuu, ni polisi, ni mahakama. Katika Mojave kazi hiyo inafanywa na kampuni binafsi kwa kumlipa tarishi mpita njia. Na katika hadithi nyingine ya gemu hiyo hiyo unagundua kwamba kampuni hiyo imeshirikiana na wauza silaha kuchoma misafara midogo inayoshindana nao. Mlinzi wa fedha ya wote ndiye huyohuyo anayewaua washindani wake gizani. Hakuna mhusika anayesimama kukuhutubia juu ya hilo. Linajitokeza kwa kuwa umefanya kazi zote mbili na kulipwa zote mbili, kwa visoda.

Sasa Novac. Ni kijiji cha barabarani, chenye hoteli chakavu na sanamu kubwa ya dinosaria mbele yake. Mwenye hoteli ni mama mmoja mzee mkarimu, Jeannie May Crawford, ambaye atakukodisha chumba kwa visoda 100. Mdomoni mwa dinosaria anakaa mlenga shabaha, Boone, askari mstaafu wa Jamhuri anayelinda zamu ya usiku. Mke wake, Carla, alitekwa na Legioni usiku mmoja akiwa na mimba, Boone akiwa zamuni. Boone anaamini kuna mtu wa kijijini aliyewafungulia njia, naye anakuomba umtafute.

Ukipekua kwenye sefu iliyofichwa mapokezi ya hoteli unakuta karatasi. Ni hati ya mauziano, imeandikwa kwa lugha safi ya kisheria, kama hati ya shamba. Legioni inakiri kununua kutoka kwa Jeannie May Crawford wa Novac haki zote za umiliki wa mtumwa Carla Boone kwa visoda 1,000, na za mtoto aliye tumboni kwa visoda 500, malipo ya mtoto yakisubiri mimba ikomae salama.

Hakuna damu katika karatasi ile. Kuna namba tu, na namba hizo zinakaa akilini kwa miaka. Zisome pamoja na nyingine ulizokwisha kuzilipa kwa mkono wako. Mwanamke ameuzwa kwa bei ya vyumba kumi vya hoteli ya huyohuyo aliyemuuza. Ni chupa hamsini za maji safi. Mama na mtoto pamoja, 1,500, hawafiki kiasi ambacho roboti ya Strip inataka kukiona mfukoni mwako kabla haijakuruhusu kwenda kucheza kamari. Na kile kifungu cha mtoto kinaonyesha kitu ambacho ukatili wa kawaida hauna: utaratibu. Legioni ina afisa wa manunuzi, ina hati, ina masharti ya malipo, na inajua kutolipia bidhaa ambayo bado haijafika. Barabara salama tulizozisifu zinalindwa na serikali inayofikiri hivi, na sarafu zake ngumu zimetokana na kazi ya watu walioandikiwa hati kama hii. Kwenye pwani yetu hili halihitaji ufafanuzi mrefu. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na huko nako biashara iliendeshwa na watu walioaminika kwa unyofu wa hesabu zao.

Kuna kitu kingine katika hati hiyo, kidogo sana. Legioni, yenye dhahabu yake, imelipa kwa visoda. Gemu haisemi kwa nini. Mimi naona sababu iliyo wazi: bibi kizee wa kijiji kinachoilalia Jamhuri angejikaanga mwenyewe kama angeonekana dukani na sarafu zenye sura ya Kaisari. Visoda havina sura. Sifa ileile inayovifanya viwavushe wachuuzi mpakani ndiyo inayouficha uhalifu. Boone, kwa upande wake, alikuwa ameshamfuata mkewe hadi kwenye mto Kolorado na kumkuta akipigiwa mnada. Alikuwa peke yake na bunduki, mbele ya umati wa wapiganaji. Alichokifanya hapo kwa mkewe, mchezaji atakisikia kutoka kinywani mwake, na haifai nikisimulie mimi.

Maji, ambayo ndiyo dhamana ya fedha yote hii, nayo yana hadithi yake. Karibu na New Vegas yapo mashamba ya Jamhuri yanayolimwa na walowezi waliopewa vipande vya ardhi kwa masharti ya kulisha jeshi. Wanalalamika kwamba maji ya bomba hayafiki kama yalivyopangwa. Ukifuatilia unagundua kwamba sehemu ya maji inachepushwa kwenda Westside, mtaa wa maskini wanaolima kwa ushirika, na kwamba koplo wa Jamhuri aliyeligundua hilo ameuawa. Aliyemuua ni mtu mwema, wa jumuiya ya waganga na walimu wanaosaidia watu bure. Ndipo inapokuelea kwamba kuiba maji katika nchi hii ni karibu sawa na kuiba kutoka benki kuu, na unaachwa uamue kama utawataja maskini wale au utanyamaza.

Hadi hapa nimeisifia, na inastahili. Lakini dunia za kubuni hukosea bei, na anayetaka kuzisoma lazima ajue kulitambua kosa asije akalifanyia tafsiri kitu ambacho hakikukusudiwa.

Alama ya kwanza ya kosa ni bei isiyobadilika mahali ambapo ingepaswa kubadilika. Kijiji cha Goodsprings kina chemchemi ya maji safi, tena wenyeji wanajivunia. Thamani ya chupa ya maji pale ni ileile ya katikati ya jangwa. Kinachoipandisha au kuishusha ni ujuzi wako wa kupatana, mahali hapahusiki. Katika nchi ya kweli, tofauti hiyo peke yake ingezaa misafara: mtu angejaza chupa Goodsprings na kuziuza palipo kame. Gemu inatuambia misafara ipo kila mahali, kisha inaziondoa tofauti za bei ambazo ndizo sababu ya msafara kuwapo.

Alama ya pili ni fedha inayozaliwa bila kizuizi. Ukinywa soda ya Nuka-Cola, kisoda kinaingia mfukoni mwako, na soda zimejaa kila kabati. Alice McLafferty anahofia mashine moja kiwandani huku kila mwenye kiu akiwa mtengeneza fedha. Mtu anaweza kujibu kwamba chupa za kale zitaisha siku moja, na hilo lina mantiki. Ila wachezaji wote wanajua kinachotokea mwishoni: unakuwa na makumi ya maelfu, na bei ya chupa ya maji haijapanda hata kwa kisoda kimoja.

Lakini usikimbilie kusema mwandishi amekosea. Ngoja nitoe mfano kutoka vitabu vinavyojulikana zaidi. Katika hadithi za Harry Potter, fimbo ya uchawi ya Harry ilinunuliwa kwa Galioni 7 za dhahabu. Katika kitabu cha sita, Profesa Slughorn anashangaa kuona unywele wa mkia wa nyati, yule farasi mwenye pembe moja, ukitumika ovyo, na anasema unywele mmoja unauzwa Galioni 10. Fimbo nyingi zina unywele huo ndani. Kama bei za fimbo nyingine zinakaribiana na ile ya Harry, basi malighafi ni ghali kuliko bidhaa, na wasomaji wenye jicho kali wamelihesabu hilo kuwa uzembe. Lakini katika kitabu cha nne, fundi wa fimbo, Ollivander, anakumbuka kwamba unywele uliomo kwenye fimbo ya Cedric aliuchomoa mwenyewe, na mnyama nusura amchome kwa pembe. Hanunui sokoni. Bei ya Slughorn ni ya anayetafutiwa, na ya Ollivander ni ya anayeingia porini. Na Hagrid, anayeishi na wanyama hao na kutumia nywele zao kufungia bandeji, hana habari kwamba amekalia utajiri. Inawezekana mwandishi hakukusudia lolote kati ya hayo. Hata hivyo bei mbili zinazogongana zimetuonyesha tabaka tatu za watu waliozunguka bidhaa moja, kwa hiyo inafaa kuuliza kwanza muuzaji anaipata wapi mali yake, kabla ya kumlaumu aliyeandika.

Nirudi Mojave kwa namba za mwisho. Nyongeza ya gemu iitwayo Dead Money, iliyotoka Desemba 2010, inakupeleka kwenye kasino iliyozikwa, Sierra Madre. Chini kabisa kuna chumba cha hazina chenye matofali 37 ya dhahabu. Kila tofali lina uzito wa ratili 35 na thamani ya visoda 10,539. Yote pamoja ni visoda 389,943, na uzito wake ni ratili 1,295, wakati mhusika wa nguvu za kawaida hubeba kama ratili 200. Wachezaji wamebuni hila nyingi za kuyatoa yote. Wanaofanikiwa wanakutana na tatizo lingine: hakuna duka katika Mojave nzima lenye visoda vya kulinunua hata tofali moja kwa thamani yake bila kukuachia bidhaa za kufidia. Wachuuzi wengi huwa na mamia, wakubwa wana maelfu kadhaa.

Waliotunga walitaka hadithi kuhusu tamaa, na kwa hilo wamefaulu. Kwa upande wa uchumi wameacha mlango wazi ambao sijauona ukipitiwa. Ipo taasisi moja katika nchi ile ambayo ingelipa bei yoyote kwa dhahabu hiyo: Jamhuri, ambayo noti yake ya 100 imekuwa chupa mbili za maji kwa sababu hazina zake zilishambuliwa. Matofali 37 yasingeijaza hazina ya taifa, lakini yangetosha kuwekwa mahali watu wayaone, na imani ya noti huanzia kwenye kuona. Crimson Caravan nao wangelipa vizuri, kwa sababu iliyo kinyume, ili dhahabu hiyo isifike kwa Jamhuri kamwe. Na Kaisari angeigonga sura yake juu yake ndani ya wiki moja. Gemu haina afisa, mchuuzi wala kamanda wa kumpelekea ofa hiyo. Unaishia kuliuza tofali mojamoja kwa muuza bunduki, naye anakufidia kwa risasi.